Saa Moja Bila Mchungaji: Kukaa, Kunyamaza na Kusema katika Ibada ya Kimya ya Marafiki

Mtu aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale waitwao pia Quakers, kule Kaimosi au Chavakali, akiingia nyumba ya ibada ya Marafiki mjini Birmingham au York, hutafuta mimbari asiione. Hakuna kwaya, hakuna vitabu vya nyimbo, hakuna mchungaji. Wako watu kama ishirini, wengi wao wazee, wameketi kwa duara na hakuna asemaye neno. Wengi wetu hudhani tumefika siku ambayo mhubiri amepata dharura. Dakika kumi zinapita, mtu anaanza kutazama mlangoni, na saa ile yote inakwisha akiwa bado anangoja ibada ianze.

Chanzo cha tofauti hiyo kiko Marekani. Wamisionari watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka katika tawi la Marafiki wa Marekani ambalo, baada ya uamsho wa miaka ya 1870, lilikuwa limeanza kuajiri wachungaji na kuimba nyimbo. Ibada waliyoileta magharibi mwa Kenya ndiyo hiyo. Marafiki wa Uingereza walibaki na desturi ya kale ya karne ya 17: watu hukusanyika, hunyamaza, na yeyote anaweza kusimama akasema. Waingereza wa tawi hilo la kimya ndio waliokwenda Pemba wakati utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, wakaanzisha shamba la Banani kwa ajili ya watu walioachwa huru. Hata Nairobi lipo kundi dogo linaloabudu kwa kimya. Kwa hiyo mgeni hajapotea njia, ila ameingia upande wa nyumba ambao hakuwahi kuonyeshwa.

Ninayoyaandika hapa yanahusu namna ya Uingereza. Sehemu nyingine mambo madogo hubadilika, lakini mwenendo wa saa yenyewe ni ule ule.

Fika dakika kumi kabla. Mlangoni utakuta mtu amesimama kukusalimia kwa mkono. Huyo si shemasi, ni mmoja wa waumini aliye zamu. Ndani viti vimepangwa kwa duara au mraba, na katikati ipo meza ndogo yenye Biblia, aghalabu maua, na kijitabu chembamba cha mashauri na maswali 42 ambacho Marafiki wa Uingereza hukitumia kujipima. Kiti cha heshima hakipo. Keti popote, ila usichague cha karibu na mlango kama unajijua kuwa utasumbuliwa na wanaochelewa. Zima simu kabisa. Mtetemo wake juu ya kiti cha mbao husikika chumba kizima.

Jambo la kwanza linalowapita wageni ni kwamba ibada haifunguliwi. Hakuna wa kusema “tuanze”. Inaanza pale mtu wa kwanza anapoketi na kunyamaza, hata kama imebaki robo saa kufikia muda uliotangazwa. Ndiyo maana ukiingia ukimuuliza jirani habari za safari unakuwa umeingilia ibada iliyokwisha kuanza. Watoto mara nyingi hukaa na wakubwa kwa dakika kumi au kumi na tano za mwanzo, kisha hutoka na walezi wao. Kelele zao wakati huo haziwasumbui wazoefu, nawe zisikusumbue.

Kisha kimya kinatanda, na hapo ndipo ugumu wenyewe. Dakika ishirini za mwanzo karibu kila mtu, pamoja na aliyeabudu hivi kwa miaka thelathini, anapambana na akili yake. Karo ya mtoto, kauli ya bosi, sufuria iliyoachwa jikoni, vyote vinakuja kwa zamu. Wageni hukosea kwa njia mbili. Wengine hujilazimisha kutowaza chochote, na kila wakijikaza mawazo huzidi. Wengine huamua kuitumia saa ile kwa kazi ya maana, wanaanza kusali kimoyomoyo orodha ndefu ya maombi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho. La pili linaonekana jema, lakini ni kuhubiri kichwani badala ya kunyamaza. Umejisemesha saa nzima na hujasikiliza.

Wazoefu hufanya jambo rahisi zaidi. Wanaketi wima bila kujikaza, miguu yote miwili chini, mikono mapajani, macho yakiwa yamefumba au yametua mahali pamoja. Wazo likija wanalitambua na kuliacha lipite bila kugombana nalo. Kama linarudi mara kwa mara wanaliweka mbele ya Mungu jinsi lilivyo, kisha wananyamaza tena. Wengine huwatazama waliomo chumbani mmoja mmoja na kumwombea kila mtu bila maneno. Hilo la mwisho ndilo ningempa mgeni, kwa sababu linamkumbusha kwamba hayuko peke yake. Kimya hiki ni cha pamoja. Mtu aliyezama ndani ya nafsi yake akasahau walio kando yake amefanya tafakuri nzuri, lakini ibada ya Marafiki hajaifanya bado.

Kusinzia hutokea. Hakuna atakayekukemea, labda ukianza kukoroma.

Wanangoja nini basi? Mafundisho ya Marafiki yanategemea sana sura ya kwanza ya Injili ya Yohana, pale inaposemwa kwamba Nuru halisi humtia nuru kila mtu. Wao huchukua maneno “kila mtu” jinsi yalivyo: aliyesoma na asiyesoma, mwanamume na mwanamke, hata ambaye hajawahi kulisikia jina la Yesu. George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624 katikati ya Uingereza, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipotambua kwamba kusomea Oxford au Cambridge hakutoshi kumfanya mtu mtumishi wa Kristo. Kama nuru iko kwa kila mtu na inaweza kumfundisha moja kwa moja, kasisi wa kusimama katikati hana kazi. Kimya cha jumapili kimetoka hapo. Hawakukipenda kwa utulivu wake. Walikuwa wameondoa sauti ya mtu mmoja aliyelipwa ili sauti nyingine ipate nafasi.

Watu husikia “nuru ya ndani” wakadhani ni hisia ya joto moyoni, au kwamba kila mtu ni mwema, au kwamba ni dhamiri tu iliyopewa jina la kidini. Robert Barclay, Mskoti aliyeandika utetezi mkubwa wa imani hii mwaka 1676, alitenganisha dhamiri na nuru kwa mfano wa taa: dhamiri ni taa ya kubebea, nuru ni mshumaa unaowekwa ndani yake. Taa isiyo na mshumaa haimulikii mtu, na kioo chake kikichafuka kwa desturi mbaya, hofu au malezi, mwanga unaotoka unadanganya. Kwa hiyo mtu anaweza kusema “dhamiri yangu haina neno” naye amekosea kabisa. Wenye watumwa karne ya 18 walilala usingizi mzuri tu.

Tena nuru hiyo, kwa jinsi walivyoieleza wa kwanza, haianzi kwa kufariji. Inaanza kwa kumwonyesha mtu asichotaka kukiona. Mwaka 1652 Fox alisimama katika kanisa la Ulverston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akawauliza watu: mnasema Kristo alisema hivi na mitume walisema vile, je, wewe mwenyewe una nini cha kusema? Margaret Fell, bibi wa jumba la Swarthmoor lililo jirani, alikuwa amesimama kumsikiliza. Akaketi akalia, akisema moyoni kwamba wote ni wezi, kwa kuwa wameyachukua Maandiko kwa maneno na hawayajui ndani yao. Nyumba yake ikawa kituo kikuu cha Marafiki, na mwaka 1666 akaandika kutetea haki ya wanawake kusema katika ibada. Kwa hiyo mgeni atakayeketi wiki kadhaa akajikuta hana amani, anakumbuka deni asilolipa au ndugu aliyemkosea, asihesabu kwamba kimya kimemshinda. Huenda ndiyo kwanza kimeanza kazi. Wengi huacha katika hatua hii, na sioni aibu kulisema: ni saa inayochosha moyo, hasa kwa aliyezoea kubebwa na wimbo.

Sasa tufike kwenye kusema, maana hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Chukua ibada ya watu ishirini na tano. Mara nyingi nusu saa ya kwanza hupita bila neno. Halafu mtu mmoja anasimama, anasema dakika mbili au tatu, anaketi. Kimya kinarudi, labda dakika kumi. Mwingine anasimama. Kwa saa nzima wakisema watatu ni kawaida, wakisema wanane ni wengi mno, na asiposema yeyote ibada haijapungukiwa kitu. Zipo jumapili za kimya kitupu ambazo watu hutoka wakisema walikuwa wamekusanywa. Ndivyo wanavyoiita hali ile ambapo chumba kizima kinahisiwa kuwa kitu kimoja, hata kukohoa kunakoma. Haipangiki, na mtu akijaribu kuitengeneza huiharibu.

Mtu anajuaje kwamba zamu ni yake? Marafiki wana vipimo vyao, na ingawa kila mmoja huvieleza kwa namna yake, hufanana. Kwanza, je, maneno haya niliyabeba kutoka nyumbani? Kama yaliandaliwa Ijumaa, yaache yakae. Hakuna anayekatazwa kusoma na kufikiri wakati wa wiki, wala kuja akiwa amejiandaa moyo. Kinachokatazwa ni kuja umeazimia kusema, au umeazimia kutosema. Pili, je, ni yangu peke yangu au ni ya chumba? Maneno mengi ya kweli yanayokuja katika kimya ni chakula cha aliyeyapokea tu, ayaweke mfukoni aende nayo. Tatu, je, yakiachwa yanaondoka? Ujumbe ambao si wa kusemwa hufifia mtu akiusubirisha dakika chache. Ule wa kusemwa hurudi, na kila ukirudi unakuwa mfupi zaidi.

Moyo kwenda mbio, mikono kulowa jasho, mwili kutetemeka, yote hayo hutokea. Jina la utani la “watetemekao”, walilopewa mwaka 1650 na hakimu mmoja wa Derby, linahusiana na mambo hayo. Lakini usiyafanye ushahidi. Woga wa kusimama mbele ya watu huleta dalili zile zile, na hasira pia. Mtu aliyeudhiwa na alichosema mwenzake dakika tano zilizopita atatetemeka vizuri kabisa.

Ukipita vipimo hivyo, simama, maana aliyekaa hasikiki upande wa pili na wazee wengi masikio yamepungua. Sema kwa sauti ya kawaida, sema jambo moja, kisha keti. Usianze kwa kuomba radhi, usijitambulishe, usieleze kwa nini umesimama. Katika ibada hiyo usisimame tena.

Kuhusu kuketi kwa wakati, hakuna mfano bora kuliko wa John Woolman, fundi cherehani na mfanyabiashara wa New Jersey aliyezaliwa mwaka 1720. Alipokuwa kijana alisimama katika ibada akasema maneno machache, lakini hakujizuia pale ujumbe ulipoishia, akaongeza ya kwake. Aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alitambua kosa mara moja, akakaa na uchungu kwa majuma kadhaa bila faraja. Yapata majuma sita baada ya siku ile akasema tena, maneno machache tu, akapata amani. Kwa mtu wa kanisani kwetu, ambako mhubiri mfupi huonekana mvivu, uchungu wa majuma kadhaa kwa sababu ya sentensi chache za ziada ni jambo la kushangaza. Huko ndiko kipimo kilipo. Anayesikiliza kwa makini hupajua pale ambapo maneno yaliyopewa yanakwisha na ufasaha wa msemaji unaanza. Mara nyingi ni pale anaposema “kwa hiyo, ndugu zangu”.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kawaida kuliko zote ni mjadala. Mmoja anasema kuhusu vita fulani, dakika moja baadaye mwingine anasimama kumsahihisha, wa tatu anawapatanisha, na ibada imegeuka baraza. Utaitambua kwa kupungua kwa kimya kati ya maneno: dakika kumi, kisha nne, kisha moja. Sheria ya adabu ni kwamba usimjibu aliyetangulia, na uache muda wa kutosha ili maneno yake yatue. Ujumbe unaweza kuendeleza uliotangulia, na ibada nzuri mara nyingi huwa na uzi mmoja, lakini uzi huo hausukwi kwa kujibizana. Ya pili ni habari za redio: mtu amesikiliza taarifa asubuhi, amekasirika, anasimama kuwasomea wenzake alichosikia. Ya tatu ni yule mwenye ujumbe kila jumapili. Yeye hajui kwamba watu wameacha kumsikiliza tangu mwaka jana.

Anayeyashughulikia hayo ni wazee wa ibada, kwa kawaida wawili au zaidi, ambao huteuliwa kwa muda, mara nyingi miaka mitatu, kisha hupisha wengine. Hawa si wazee wa kanisa kwa maana ya wakubwa. Kazi yao ni kuitunza ile saa. Mtu akipitiliza sana, mzee anaweza kusimama na kumwambia kwa upole kwamba ujumbe wake umepokewa. Hutokea mara chache, na wote huona haya. Zaidi hufanywa baadaye kwa faragha, kwa kikombe cha chai. Ukiitwa kando na mzee akakuuliza ulichosema kilikutoka wapi, usichukulie kuwa umefukuzwa. Na wazee wengine, niseme tu, ni waoga. Huacha ibada iharibiwe na mtu mmoja kwa miaka kwa kuogopa kumwudhi.

Hatari kubwa zaidi ya imani hii ilionekana mapema sana, na inafaa kuijua kabla ya kulipenda neno “nuru” kupita kiasi. James Nayler alikuwa mmoja wa wahubiri wakubwa wa Marafiki wa mwanzo, na kwa wengi London alisikika kuliko Fox. Mnamo Oktoba 1656 aliingia Bristol juu ya farasi kwenye mvua, wafuasi wake wakitembea kando na kuimba kama watu walivyomwimbia Yesu akiingia Yerusalemu. Yeye alisema ni ishara tu ya Kristo aliye ndani ya kila mtu. Bunge lilimhukumu kwa kufuru: alichapwa viboko, ulimi wake ukatobolewa kwa chuma cha moto, akachomwa herufi B kwenye paji la uso, akafungwa. Aliachiwa mwaka 1659 akafa mwaka uliofuata, baada ya kukiri kosa lake na kupatana na Fox.

Kama kila mtu ana nuru, nani atamwambia Nayler kwamba amepotoka? Mapadri wana askofu, na wengine wana katiba ya kanisa. Marafiki walijibu polepole, kwa kukubali kwamba nuru iliyo ndani yangu lazima iwe moja na ile iliyo ndani yako. Ninachodai nimeongozwa kukitenda nikilete mbele ya wenzangu, tukae kimya pamoja, tuone kama nao wanakiona. Kuanzia miaka ya 1660 Fox alizunguka nchi akipanga mikutano ya mwezi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayesema leo “nuru yangu inaniambia” kisha anakataa kuulizwa, hana Urafiki wa zamani wa kuusingizia.

Mkutano wa shughuli huendeshwa vivyo hivyo. Karani huketi mezani, hueleza jambo, watu husema mmoja mmoja kwa nafasi huku kimya kikipita kati yao. Kura haipigwi kabisa. Karani anapoona mkutano umeelekea mahali, huandika uamuzi palepale, huusoma kwa sauti, na waliopo hukubali au husahihisha maneno mpaka yakae. Mgeni aliyezoea vikao vya kanisa hukosea kwa kuhesabu vichwa: “wengi tunataka, tuendelee.” Mtu mmoja mwenye kizuizi cha kweli anaweza kulisimamisha jambo, na karani mzuri anatakiwa kupima uzito wa kizuizi hicho na kukitofautisha na ukaidi. Kama haiwezekani, jambo huahirishwa.

Gharama ya njia hii ni muda, na historia ina bili yake. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika barua wakipinga kuwamiliki watu. Mkutano wa mwezi ukasema jambo ni zito mno, ukaupelekea mkutano wa robo mwaka. Huo nao ukaupelekea mkutano wa mwaka, nao ukaliweka kando. Wenye watumwa walikuwa wameketi ndani ya kimya kile kile. Mwaka 1758 tu, baada ya Woolman na wengine kusema, mkutano wa mwaka wa Philadelphia ulikubali kuwatuma watu kuwatembelea wenye watumwa nyumba kwa nyumba na kuwazuia wanaonunua wasishiriki shughuli za mkutano. Woolman alikuwa mmoja wa waliotumwa. Mwaka 1776 wakaamua kuwatoa katika ushirika waliogoma kuwaacha huru. Ni miaka 88 tangu barua ya Germantown. Wanaosifu njia hii husema uamuzi ule haukuacha kundi lililoshindwa kwa kura la kuja kuupindua. Mimi nakubali, ila nauliza waliozaliwa na kufa utumwani katika miaka hiyo walipewa nafasi gani mezani kwa karani.

Kuna gharama nyingine, ndogo zaidi, ambayo humfikia kila anayebaki. Kutokuwa na mchungaji hakuondoi kazi za mchungaji, kunazigawa. Kutembelea wagonjwa, kuzika, kuandaa watoto, kutunza vitabu vya fedha, kukarabati paa, kupika chai, vyote vinafanywa na waumini bila malipo, na kamati ya uteuzi hutafuta majina kila mara. Kundi la watu ishirini na tano linaweza kuwa na nafasi kumi na tano za kujaza. Ukishaonekana mara kwa mara utaombwa kuanza na zamu ya mlangoni au ya chai. Kubali hiyo, na usikubali mbili kwa pamoja mwaka wa kwanza. Kikapu cha sadaka hakipitishwi wakati wa ibada. Kipo kisanduku karibu na mlango, na wanachama huombwa mchango mara moja kwa mwaka, kila mtu atoe awezavyo.

Faida ya kugawa kazi ilionekana Bristol mwaka 1682. Serikali iliwafunga watu wazima karibu wote kwa kosa la kukusanyika, na watoto wakaendelea kuja wenyewe, wakaketi kimya na kuiendesha ibada, ingawa walipigwa. Penye mchungaji mmoja, ukimfunga yeye umefunga kanisa.

Kuhusu uanachama, usiharakishe. Unaweza kuhudhuria miaka mingi bila kuombwa. Ukiamua, unamwandikia karani wa eneo barua, watu wawili wanakutembelea kuzungumza nawe, wanaandika taarifa, na mkutano unaamua. Hakuna ubatizo wa maji, hakuna meza ya Bwana, wala hutatakiwa kukariri imani. Watu wa kwetu huulizwa nyumbani, “Sasa wewe umeokoka au hujaokoka?” na jibu la Kiingereza cha huko halimtoshelezi shangazi. Ni vizuri kulifikiria mapema. Na ukweli mwingine wa kuambiwa kabla: Uingereza ya leo wapo Marafiki wasiomtaja Kristo, na wachache wasiomtaja hata Mungu, wakiketi duara moja na wanaomtaja. Mkenya huyaona hayo kuwa makwazo kuliko kimya chenyewe. Wengine wetu tumebaki, wengine wamerudi kwa wachungaji wao.

Saa ikitimia, wazee wawili wanapeana mikono, kisha kila mtu anamshika mkono jirani yake. Hapo ibada imekwisha. Karani husimama na matangazo, wageni huombwa kutaja majina wakipenda, na watu huenda kwenye chai. Kuna makundi yanayoacha dakika chache baada ya mikono ambapo aliyekuwa na neno ambalo halikufikia kusemwa anaweza kulitoa akiwa amekaa. Kama ulibaki na ujumbe ukasita mpaka muda ukaisha, utumie nafasi hiyo, au mwambie mtu mmoja kwenye chai. Ila usimwendee aliyesimama kusema ukamsifu kwamba amehubiri vizuri. Atakushukuru kwa adabu, lakini utakuwa umempa kazi ya jumapili ijayo: kupambana na hamu ya kusifiwa tena. Mwulize tu anakaa wapi, na basi namba ngapi inaelekea huko.